Logo haisomeki kwenye picha ya banda: dalili, chanzo na tiba

Sabasaba hufunguliwa 28 Juni na kufungwa 13 Julai, lakini kwa madizaina wa Dar es Salaam msimu huanza mapema zaidi. Mteja akishapata nafasi pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kabla hajatoa hela ya kuchapisha anataka kuona: rolapu zitakaaje, bendera zitaonekanaje, na banda lake likisimama watu watalisoma jina? Siku hizi picha hiyo ya mfano wengi tunaitengeneza kwa programu za akili mnemba kama Midjourney au Stable Diffusion. Banda linatoka zuri, mwanga mzuri, wageni wanapita. Logo ndiyo inayoharibika.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ili hesabu zifuatike. Mteja ni mama anayeuza viungo vya chakula. Ana banda la mita 3 kwa 3 lenye kuta za paneli za urefu wa mita 2.5, rolapu mbili za sentimita 85 kwa 200, na bendera mbili za tiadropu za urefu wa mita 3.4. Jina lililo kwenye logo yake halisi naliacha. Tuseme ni neno KARAFUU, herufi saba.

Dalili: logo imegeuka uji, herufi hazisomeki kabisa

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na wengi wanaitibu vibaya. Maelekezo ya kwanza huwa kama haya:

```
trade fair booth in Dar es Salaam, roll up banners,
flags, big clear logo "KARAFUU", many visitors
```

(Maelekezo naandika kwa Kiingereza kwa sababu modeli nyingi zimefundishwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya lugha hiyo. Ukiandika "banda la maonesho" unaweza kuletewa banda la kuku.)

Picha inatoka, jina ni madoadoa. Dizaina anaongeza `huge logo, very clear, sharp text, 8k`. Inatoka tena vilevile, au logo inatapakaa kila mahali. Maneno hayo hayawezi kusaidia, maana tatizo ni nafasi. Logo haikupewa pikseli za kutosha kuandikwa.

Hesabu mwenyewe. Picha ina upana wa pikseli 1536 na kimo cha 1024. Neno `trade fair` limeiambia programu ichore ukumbi mzima, kwa sababu picha nyingi za maonesho duniani hupigwa kwa mbali zikionyesha umati. Kwa hiyo banda lako limepata theluthi moja tu ya upana, yaani pikseli 512 kwa mita 3. Mita moja ni kama pikseli 170. Rolapu ya sentimita 85 inapata pikseli 145. Logo ikichukua asilimia 60 ya upana wa rolapu, inapata 87. Gawa kwa herufi saba: kila herufi ina pikseli 12.

Pikseli 12 kwa jicho la mtu si haba, tungeweza kuandika herufi ndani yake. Lakini modeli za jamii ya Stable Diffusion hazichori pikseli moja moja. Zinafanya kazi kwenye picha iliyofinywa mara 8 kila upande, kisha zinaikunjua mwishoni. Herufi ya pikseli 12 huko ndani ni kijisanduku kimoja na nusu. Hakuna namna ya kutofautisha R na F ndani ya kijisanduku kimoja na nusu, hata uandike `sharp` mara kumi.

Mimi kipimo changu cha chini ni pikseli 30 kwa herufi. Chini ya hapo sihangaiki na maneno, nabadilisha kamera. Unataka banda lijaze picha, bila ukumbi na bila umati:

```
front view of a single 3x3 m shell scheme booth,
booth fills the frame, eye level camera,
two retractable banner stands at the front corners,
plain blank panels, plain green fascia, empty aisle
```

Angalia vitu viwili humo. `shell scheme` ndilo jina la mabanda ya paneli na fremu za alumini. Ukilitaja, programu inaacha kukuchorea jumba la kifahari la ghorofa mbili. Na nimeandika `empty aisle` badala ya `no visitors`. Modeli nyingi zikisoma neno "visitors" zinaleta wageni, hilo "no" la mbele zinalipita. Kama lazima ukatae kitu, kiweke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, au kwa Midjourney tumia `--no people` mwishoni.

Sasa hesabu upya. Paneli za mita 2.5 zinatakiwa zienee kwenye kimo cha pikseli 1024 na kubaki na nafasi kidogo juu na chini, kwa hiyo mita moja ya mbele ya banda inapata kama pikseli 350. Rolapu iliyo kwenye mstari wa mbele inafika karibu 300. Logo ikichukua asilimia 80 ya upana wake ni 240, na kila herufi ni 34. Tumevuka.

Ukuta wa nyuma uko mita 3 ndani zaidi, kwa hiyo unaonekana mdogo kuliko rolapu, na hapo ndipo watu hudanganyika: wanaipa logo ya ukutani ukubwa uleule wa rolapu wakidhani ukuta ni mkubwa. Kamera ikiwa mita 5 kutoka mbele ya banda, ukuta uko mita 8, na mita moja ya ukuta inabaki na pikseli 220 hivi. Logo ya ukutani ipe upana wa mita 2. Na iwe juu ya usawa wa kifua, maana meza ya mbele ikishavalishwa kitambaa inaficha kila kitu kilicho chini yake.

Ila hesabu hiyohiyo inakuambia jambo lingine. Tiadropu ya mita 3.4 kwa pikseli 350 kila mita ni pikseli 1190. Picha ina kimo cha 1024. Haingii. Ndiyo maana ukilazimisha rolapu, bendera na banda kwenye picha moja, programu inarudi nyuma ili vyote vienee, na logo zote zinarudi kuwa uji. Mteja apewe picha tatu: banda na rolapu zake kwa ulalo, bendera peke yake kwa wima, na kama anataka kuona vyote pamoja, picha moja ya mbali ambayo logo unaibandika mwenyewe baadaye.

Dalili: herufi ni kubwa na safi, lakini tahajia si ya mteja

Yule mama alipoonyeshwa picha ya karibu ambayo jina tuliliomba kwa maneno alisogeza simu karibu na uso, akasema: "Mwanangu, mbona U yangu moja mmeila?" Iliandikwa KARAFU. Rolapu ya pili ilikuwa na KARRAFUU.

Kutumia alama za kunukuu, kama `"KARAFUU"`, kunasaidia kwa programu nyingi ili ijulikane kuwa hayo ni maandishi ya kuchorwa. Programu mpya zinapatia maneno mafupi ya Kiingereza kama SALE au COFFEE mara nyingi, kwa sababu zimeyaona mno. Neno la Kiswahili lenye irabu mbili mfululizo, au lenye ng' na kidole chake cha juu, halina bahati hiyo. Unaweza kuomba picha 20 ukapata moja sahihi upande wa kushoto, kulia imekosewa.

Hata ukipata tahajia, bado hujapata logo. Umepata neno limeandikwa kwa mwandiko uliobuniwa na programu. Ukiipandisha logo yenyewe kama picha ya rejea, programu nyingi zinaichora upya kwa kuiiga: jani la karafuu lenye ncha tano linakuwa na nne, kijani kinapoa, pengo kati ya herufi linabadilika. Mteja aliyelipia chapa yake anaona kabla hujamaliza kufungua picha.

Msimamo wangu: logo isiombwe kwa maneno. Omba sehemu tupu, `plain blank panels`, kama nilivyofanya juu, kisha bandika logo halisi kwa Photoshop au GIMP. Hesabu ya pikseli bado inahitajika, kwa sababu logo halisi ikibandikwa kwenye rolapu ya pikseli 145 nayo haitasomeka.

Kuna wanaodhani kukuza picha kutaponya. Kukuza uji kunaleta uji wenye kingo kali. Ila kukuza kabla ya kubandika kuna faida: picha ya 1536 ukiikuza mara mbili, rolapu yako ya pikseli 300 inakuwa 600, na logo inapata kingo safi.

Dalili: logo iliyobandikwa inaonekana kama stika

Kwanza tazama mistari. Chora mstari unaofuata ukingo wa juu wa rolapu na mwingine wa chini, na uone vinaelekea wapi. Logo ifuate mielekeo hiyohiyo kwa zana ya `Perspective` ya GIMP, au `Distort` ya Photoshop. Rolapu iliyogeuzwa kidogo pembeni, herufi za upande wa mbali lazima ziwe fupi kidogo kuliko za karibu. Macho ya mteja hayajui istilahi hizo, lakini yanaona.

Halafu vivuli. Logo ya rangi nzito juu ya kitambaa cheupe inatulia ukiweka tabaka lake kwenye `Multiply`. Logo nyeupe kwenye ubao wa kijani wa juu ya banda, ile `fascia`, inapotea kabisa kwa njia hiyo, kwa sababu nyeupe ikizidishwa haibadilishi kitu. Hapo nakili eneo la ubao wenyewe, uliondoe rangi libaki la kijivu, ulipandishe mwanga hadi pasipo na kivuli pakaribie weupe, liweke juu ya logo likiishia kwenye herufi tu, kisha hilo la juu ndilo ulipe `Multiply`. Mikunjo na vivuli vitapita juu ya herufi nyeupe kama vinavyopita juu ya ubao.

Kama unatumia Stable Diffusion WebUI unaweza kumalizia kwa kupaka kingo tu za logo kwenye `Inpaint`, ukachagua `Only masked`, na `Denoising strength` ukaanza na 0.2. Chaguo hilo hukata eneo ulilopaka, hulikuza, hulifanyia kazi peke yake kisha hulirudisha. Usipake herufi zenyewe. Ukizipaka na ukapandisha kile kipimo, KARAFUU yako itaanza kuyeyuka tena.

Dalili: umeomba bendera, umepata bendera za taifa

Neno `flags` peke yake huleta mstatili unaopepea kwenye mlingoti, na ukitaja Tanzania humohumo unapata kijani, manjano, nyeusi na buluu. Taja umbo: `teardrop flag` kwa ile yenye tumbo kama tone, `feather flag` kwa ile ndefu iliyonyooka, na ongeza `curved pole, ground spike` au `cross base` kutegemea inasimama kwenye udongo au sakafu. Picha iwe wima:

```
single tall feather flag on curved pole, cross base,
plain blank green fabric, outdoor fairground,
full height in frame, light breeze --ar 2:3
```

Lile `--ar 2:3` ni la Midjourney. Kwingine chagua 1024 kwa 1536 kwenye mipangilio.

Kwa yule mama bendera zilikuwa za tiadropu. Ya mita 3.4 ikichukua pikseli 1300 za kimo, mita moja ina 380 hivi. Tuseme kitambaa chake kina sehemu pana ya sentimita 60: hiyo ni pikseli 230 tu. Jina likilala kwa mlalo, likibakiza nafasi pembeni, kila herufi inapata kama 26. Ukiligeuza lipande kutoka chini kwenda juu kwenye urefu wa mita 2, kila herufi inaweza kupata zaidi ya 100. Ndivyo bendera hizi zinavyochapishwa hata mtaani, jina refu hupandishwa. Usiiombe programu iandike wima, itakupangia herufi moja juu ya nyingine kama ngazi. Igeuze mwenyewe unapobandika. Ile alama ya jani, kama logo inayo, iweke kwenye tumbo la juu, palipo pana.

Zingatia na upepo. Juni na Julai hapa Dar ni msimu wa kusi, na bendera hizi huzunguka kwenye ekseli yake. Bendera mbili zilizosimama pamoja zitaelekea upande mmoja. Picha yenye moja inaangalia bandarini na nyingine inaangalia Mbagala, mtu aliyewahi kusimama Sabasaba atajua si kweli. Na kama bendera ni ya kitambaa kimoja kilichochapishwa upande mmoja, nyuma yake wino unaonekana ukiwa umegeuka kinyume. Bendera inayoonekana kwa nyuma kwenye picha ibandike logo iliyogeuzwa, iliyofifia kidogo. Mteja akiuliza kwa nini limeandikwa kinyumenyume, hapo ndipo pa kumweleza bei ya bendera ya kitambaa mara mbili, kabla haijachapishwa.

Dalili: rolapu si rolapu

`Roll up banner` wakati mwingine huleta karatasi iliyokunjwa kama mkeka, au bango linaloning'inia. Andika `retractable banner stand, slim aluminium base on the floor`. Ikitoka pana kama mlango wa geti, ongeza `narrow, 85 x 200 cm`. Vipimo hivyo programu haivipimi kwa rula, lakini uwiano unakaribia. Baada ya kupata picha, pima: urefu ugawe kwa upana, upate kati ya 2.2 na 2.5. Ukipata 1.6, logo uliyoibandika itaonekana kubwa kuliko itakavyokuwa kweli, na lawama zitakuja siku ya kusimamisha.

Sehemu ya chini kabisa ya rolapu huingia ndani ya kasha. Usiweke namba ya simu hapo kwenye picha ya mfano, hata kama inapendeza.

Dalili: logo ndogo ndogo zimejaa ukutani kama nyuma ya kocha anayehojiwa

Neno `backdrop` au `branded wall` ndilo lenye kosa. Picha nyingi zenye neno hilo ni za mikutano ya waandishi, ambako logo hurudiwarudiwa. Tumia `plain back panel`. Na `big logo` ukiitaja pamoja na vitu vitatu, kila kitu kitajipatia yake: meza, sakafu, hata fulana ya mhudumu.

Dalili: kwenye kompyuta inasomeka, mteja anasema haoni

Mteja ameiona WhatsApp. Punguza picha hadi upana wa pikseli 400 na uisome kutoka umbali wa mkono ulionyooka. Jina la ubao wa juu likipotea hapo, rudi kwenye kamera. Ukiituma, itume kama dokumenti ili isifinywe njiani.

Dalili: fundi wa uchapishaji amekataa faili

Amefanya vizuri. Picha ya mfano si faili la kuchapishia. Rolapu ya sentimita 85 kwa 200 kwa nukta 100 kila inchi inahitaji pikseli 3346 kwa 7874. Ukivuta picha yako nzima ya 1024 kwa 1536 ikae kwenye upana huo, unabaki na kama nukta 30 kwa inchi, na rolapu ni kitu ambacho mtu husimama hatua mbili mbele yake. Faili la kuchapisha lipangwe upya kwenye kipimo halisi, logo ikiwa ya vekta, faili la AI la Illustrator, SVG au PDF, siyo ile uliyoikata kwenye picha. Kama mteja ana logo ya JPG tu aliyotumiwa na mtu WhatsApp, kuichora upya kuwa vekta ni kazi inayojitegemea, na bei yake itajwe siku ya kwanza, pamoja na ya picha ya mfano.